Soneti inayorudia mwishoni badala ya kugeuka: dalili, chanzo na marekebisho

Mtunzi aliyekulia kwenye mashairi ya Unguja na Pemba akikaa kuandika soneti, shairi la mishororo 14, ile 12 ya mwanzo kwa kawaida humtoka bila taabu kubwa. Mizani inakaa, vina vinaitikiana, picha zipo. Shida huanzia mshororo wa 13. Hapo shairi huacha kwenda mbele, likageuka nyuma na kusema tena lililokwisha kusemwa, kwa sauti kubwa kidogo. Msomaji hajui kilichoharibika, ila anajua kwamba aliondoka kabla shairi halijaisha.

Kilichokosekana ni volta, yaani mgeuko: pahala hoja ya shairi inapobadilisha upande. Mabaharia wetu wana neno linaloieleza vizuri. Dau likipiga bisho, safari ni ileile na bandari ni ileile, lakini tanga limehamia ubavu wa pili na upepo sasa unalishika kwa upande mwingine. Na kubisha, kama tujuavyo, ni pia kulikataa neno la mwenzio. Mgeuko wa soneti ni bisho kwa maana zote mbili. Shairi linajibisha lenyewe, na kwa kujibisha ndiyo linasonga.

Katika soneti ya Kitaliano, iliyozaliwa Sisilia katika karne ya 13, mgeuko hukaa mshororo wa 9, baada ya fungu la mishororo 8. Katika mpangilio wa Kiingereza, wenye mafungu matatu ya mishororo minne na kisha mishororo miwili yenye kina kimoja, mgeuko unaweza kukaa wa 9 au ukangojea wa 13. Mwongozo huu unashughulikia zaidi huo wa 13, kwa sababu ndiko watunzi wetu wengi wanakokwama.

Dalili ya kwanza: ukifunika mishororo miwili ya mwisho, shairi halipungukiwi kitu

Hiki ndicho kipimo cha kuanzia. Weka kiganja juu ya mshororo wa 13 na wa 14, usome mpaka wa 12, kisha ujiulize kama kuna jambo bado hujalijua. Ikiwa unajua kila kitu, mwisho wako ni mwangwi.

Tuchukue soneti moja na kuitengeneza mpaka mwisho. Ina mizani 12 kwa kila mshororo, haina kina cha kati, na vina vya mwisho vinakwenda kwa kupishana mpaka vinapokutana katika miwili ya mwisho.

Babu kapanda mti wa karafuu,
shimo kalichimba kwa jembe bondeni,
akaumwagia maji kwa vifuu
kila jua lilipokausha chini.

Leo matawi yake yanipa kazi,
nakwea mapema jua likitoka,
nachuma vikonyo, nashuka kwa ngazi,
nachambua, naanika, zakauka.

Harufu yake yajaa nyumba nzima,
mizani yapanda, fedha yatolewa,
nalipa madeni, naweza kusema:
kwa kazi ya babu nimeokolewa.

Mkarafuu ni mali, ni hazina,
babu katuachia, asante sana.

Hesabu ya mizani ni sawa kila pahala. Vina havina kosa. Shughuli ya karafuu imefuatwa kwa utaratibu wake: kukwea, kuchuma, kuchambua, kuanika, kupima. Lakini funika miwili ya mwisho na utaona hukupoteza lolote. Kwamba karafuu ni mali, tumeshaoneshwa fedha ikitolewa na madeni yakilipwa. Kwamba babu anastahili shukrani, mshororo wa 12 umeshalisema, na umelisema vizuri zaidi, maana "nimeokolewa" ni neno lenye uzito na "asante sana" ni neno la dukani.

Chanzo cha kosa hili si uvivu. Ni ustadi wa aina nyingine ulioletwa pahala pasipo pake. Shairi letu la kimapokeo limetufundisha kibwagizo, mshororo unaorudi mwisho wa kila ubeti. Kibwagizo hakichoshi, kwa sababu kila ubeti hukifikia kwa njia tofauti. Mshororo ni uleule lakini umefikiwa kutoka upande mpya, na hadhira huungojea na kuupokea pamoja na mwimbaji. Kurudia huko ndiko kunakolijenga shairi. Sasa mtunzi huyu akiandika soneti, mkono wake unajua kwamba mwisho ni pahala pa kurejea nyumbani. Anafika mshororo wa 13 na anatafuta kibwagizo. Lakini soneti ina mwisho mmoja tu, na hakuna ubeti wa pili utakaoupa urejeo huo maana mpya. Kibwagizo kinachotokea mara moja ni muhtasari tu.

Kwa istilahi zetu wenyewe, soneti haitaki kibwagizo bali kimalizio, ule mshororo wa mwisho usiorudiwa. Na inataka kimalizio kinachobisha.

Chanzo cha pili kinakaribiana na hicho, nacho ni wosia. Tenzi nyingi zinamaliza kwa nasaha: enyi wanangu sikieni, shikeni, tunzeni. Katika soneti nasaha huwa marudio yaliyovaa kanzu ya amri. "Mkarafuu ni mali" na "tuutunze mkarafuu" ni hoja moja. Kitenzi kimegeuzwa kuwa amri, lakini hakuna kilichobadilika katika tunalolijua. Ukiona mwisho wako una "tu-" ya kuhimiza, au wito kwa vijana, shuku kwamba ulikosa la kusema ukaamua kuagiza.

Kuitengeneza: tafuta lililoachwa kusemwa

Watu wengi wakiambiwa mwisho wao unarudia, hukimbilia kuupamba. Wanabadilisha "hazina" kuwa "johari", "asante sana" kuwa "Mola ampe pepo". Hilo halisaidii, kwa sababu shida haiko kwenye maneno. Iko kwenye hoja, na hoja haitengenezwi mshororo wa 13. Inatengenezwa kwa kuyahoji yale 12.

Andika kwa nathari, kwa sentensi moja, kile mishororo 12 inachokidai. Hapa ni hiki: babu alipanda, mimi nachuma, na kwa hiyo namshukuru. Sasa itazame sentensi hiyo kama mpinzani wa malumbano ambavyo angeitazama. Katika malumbano mshairi wa kwanza anatunga, wa pili anashika neno moja la mwenzake na kulipindua. Fanya kazi ya huyo wa pili. Katika sentensi ile, nani ametenda nini? Babu kapanda na mimi nachuma. Mpinzani atauliza swali ambalo shairi halikuliuliza: na wewe umepanda nini?

Hapo ndipo mgeuko ulipo. Umekuwamo ndani ya shairi tangu mshororo wa kwanza, kwa sababu vitenzi vya babu vyote ni vya kutoa (kapanda, kalichimba, akaumwagia) na vitenzi vya mjukuu vyote ni vya kuchukua, hata pale anaposhukuru. Mtunzi aliandika tofauti hiyo bila kuiona. Mgeuko mzuri mara nyingi ni jambo la namna hii. Limelala katika mishororo ya juu, na miwili ya mwisho inaliamsha.

Sasa chagua kitu, si wazo. "Nami sijapanda chochote" ni sahihi kwa hoja lakini hakishikiki. Pitia fungu la kwanza utafute kifaa kilichokwisha kutajwa: shimo, jembe, vifuu. Jembe linafaa kuliko vyote, kwa sababu hali yake peke yake inatoa ushahidi. Jembe linalotumika hung'ara na lililoachwa hushika kutu. Hakuna haja ya mtu kujilaumu mbele yetu, maana chuma kimeshasema.

Jaribio la kwanza:

Ila jembe lake limeshika kutu,
wala sijapanda mche wa wanetu.

Rudia kipimo cha kiganja. Ukifunika miwili hii, unabaki na shairi la shukrani. Ukiifunua, shukrani ileile inageuka kuwa deni. Na tazama inavyofanya kazi kurudi nyuma: "kwa kazi ya babu nimeokolewa", ambayo mwanzo ilikuwa sifa, sasa inasikika kama kukiri kwamba kazi ya kuokoa ilikuwa ya babu tu. "Nalipa madeni" nayo inauma, maana lipo deni moja ambalo halikulipwa. Hukubadilisha herufi katika mishororo ile. Umebadilisha pale anaposimama msomaji anapoikumbuka. Marudio hayawezi kufanya hivyo, kwani yanaiacha mishororo ya juu vilevile ilivyokuwa.

Dalili ya pili: "lakini" ipo, mgeuko haupo

Hii huwapata waliokwisha kusoma kwamba soneti inageuka. Wanaweka "lakini", "ila", "hata hivyo" au "kumbe" mwanzoni mwa mshororo wa 13, halafu wanaendelea na safari ileile. Mfano:

Lakini karafuu si jani, ni mali,
yamtoa mja katika ufakiri.

Neno la kubisha limetamkwa, lakini kinachobishwa ni nini? Hakuna aliyesema karafuu ni jani. Mtunzi amejitengenezea mpinzani wa kufikirika ili apate wa kumpinga. (Na "mali" haikubaliani na "ufakiri" kwa kina, na kila mshororo una mizani 13, lakini hayo ni makosa madogo ukilinganisha na hili.)

Kipimo chake ni kuliondoa neno hilo na kuweka "na" pahala pake. Usijali kwamba mizani itapungua, hiki ni kipimo tu. "Na karafuu si jani, ni mali" inaendelea sawasawa na mishororo ya juu bila mkwaruzo wowote, kwa hiyo hapakuwa na mgeuko. Jaribu sasa na ile yetu: "Na jembe lake limeshika kutu." Bado inakata. Tulikuwa kwenye fedha na harufu nyumba nzima, mara tupo mbele ya chuma kilichoachwa. Mgeuko umo ndani ya kitu kilichotajwa, si ndani ya kiunganishi, na kwa hiyo kiunganishi kinaweza hata kuondoka. Tutarudi kwenye hilo chini.

Kuna kipimo cha ndani zaidi kwa anayetaka. Mgeuko wa kweli unabadilisha angalau kimoja kati ya vitatu: nani anayeshitakiwa au kusifiwa, wakati gani unaozungumzwa, au kipi kinachohesabiwa kuwa thamani. Katika mfano wetu macho yamehama kutoka kwa babu kwenda kwa msemaji, na wakati umehama kutoka uliopita na uliopo kwenda kwa "wanetu", yaani ujao. Vimehama viwili, na hiyo inatosha. Ukijaribu kuhamisha vyote vitatu ndani ya mishororo miwili, msomaji atapotea.

Soneti ya 130 ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1609 pamoja na nyingine 153, ni ya kutazamwa kwa sababu inahamisha kimoja tu. Mishororo 12 inakataa moja baada ya moja sifa za kawaida za mapenzi: macho yake si kama jua, sauti yake si kama muziki. Wa 13 na wa 14 inasema kwamba hata hivyo mpenzi wake ni adimu sawa na yeyote aliyesifiwa kwa uongo. Mwanamke ni yuleyule na wakati ni uleule. Kilichohama ni kipimo cha thamani: aliyeaibika si yeye, ni wale waliokuwa wakisifu kwa kulinganisha.

Dalili ya tatu: mwisho unashangaza lakini hauaminiki

Hili ni kosa la upande wa pili, na huwapata waliokwisha kuogopa marudio. Mtunzi anaamua kugeuza kwa nguvu, na soneti ya karafuu inaishia na meli inayozama Nungwi. Imegeuka, ndiyo, lakini msomaji anahisi kadanganywa, kwa sababu hakuna kitu juu kilichokuwa kikielekea huko.

Chanzo ni mbegu kutopandwa. Mgeuko unahitaji kitu kimoja kilichotajwa mapema, kwa utulivu, kama jambo la kawaida la maelezo, kisha kikaachwa. Kwetu ni jembe, mshororo wa 2. Liko hapo kwa kazi halali kabisa ya kuchimba shimo, na msomaji analipita bila kulitazama. Linapotokea tena mshororo wa 13 analitambua, na kule kulitambua ndiko kunakomfanya auamini mgeuko.

Umbali una maana. Mbegu ikiwa mshororo wa 11, msomaji bado anaishikilia na mwisho utaonekana ni maendeleo ya sentensi ileile. Pahala pazuri ni kati ya mshororo wa 2 na wa 6. Na usiipambe. Ukiandika "jembe la ajabu" au "jembe lisilosahaulika", umeshamwambia msomaji kwamba utarudi nalo. Katika fungu la kwanza letu jembe halina kivumishi hata kimoja, na vifuu vilivyotajwa mara baada yake vinasaidia kulificha, kwa sababu kumwagilia kwa vifuu ni picha inayovuta jicho zaidi.

Ikiwa umekwisha kuandika mwisho wenye nguvu lakini huna mbegu, usiutupe. Rudi juu uipande. Ni rahisi zaidi kubadilisha neno moja mshororo wa 2 kuliko kubuni mwisho mpya.

Dalili ya nne: mishororo miwili imejaa mpaka inapumua kwa shida

Fanya hesabu. Mishororo 12 ya mizani 12 ni mizani 144. Miwili iliyobaki ni mizani 24, na ndani ya hiyo 24 unataka kuyageuza yote yaliyotangulia. Nafasi hiyo inatosha kwa tendo moja au hali moja. Haitoshi kwa hali pamoja na maelezo ya sababu zake.

Tuseme mtunzi wetu hataki kuishia kwenye jembe lenye kutu tu. Anataka kueleza kwa nini hakupanda: shamba limegawanywa kwa warithi, mche ukipandwa leo hukaa miaka kabla ya kuzaa, na yeye ana njaa ya leo. Ni mambo mazito na ya kweli, lakini akiyasukuma kwenye mizani 24 atapata sentensi zilizokatwa viungo na viambishi vilivyomezwa ili mizani ikae. Akihamia kwenye mizani 16 kwa mshororo, ile nane kwa nane tuliyoizoea, atapata 32 badala ya 24, na bado haitatosha.

Hapo dawa ni kuhamisha mgeuko hadi mshororo wa 9. Jembe lishike kutu mara tu baada ya fungu la pili, karafuu zikiwa bado juani. Kisha ana mishororo mitano ya kueleza. Kwa mpango huu fungu la harufu na fedha litabidi liondoke au libanwe kuwa mshororo mmoja ndani ya fungu la pili, na hilo linauma, kwani "nimeokolewa" ni mshororo mzuri. Lakini soneti ina mishororo 14 tu. Kanuni tunayoitumia ni hii: mgeuko unaojieleza kwa kitu kimoja uweke mshororo wa 13, na unaohitaji "kwa sababu" uweke wa 9.

Jihadhari tu na jambo moja ukigeuza mshororo wa 9 katika mpangilio unaomalizikia kwa vina viwili pacha. Wa 13 na wa 14 bado vitakuwa na mlio wa kufunga, na mkono utataka tena kuvitumia kufupisha, safari hii kufupisha mgeuko wenyewe. Kama huna la ziada, tumia mpangilio wa Kitaliano, ambao mishororo sita ya mwisho vina vyake vinapishana na hakuna pacha wa kukushawishi.

Dalili ya tano: kina kimechagua hoja badala yako

Kiswahili ni lugha yenye vina tele, na hilo katika mwisho wa soneti ni hatari. Silabi za "-na", "-ni" na "-wa" zipo kila pahala. Mtunzi akifika mshororo wa 13 na kina cha "-na", maneno yanayomjia mbio ni "sana", "maana", "hazina", "bayana", "Rabana". Yatazame: yote ni maneno ya kutilia mkazo au ya kuhitimisha. Kina hicho kinakuvuta kwenye marudio hata kabla hujaamua unalotaka kusema. Ule mwisho wetu mbaya ulianza kuharibika hapo hasa, kwenye "hazina" iliyoita "sana".

Vivyo hivyo vina vinavyotokana na kauli ya kutendwa. "Yatolewa" na "nimeokolewa" vinaoana kwa sababu kitenzi chochote kikitendwa kitaishia hivyo. Katikati ya shairi hilo linavumilika, na sisi tumeliacha. Mwishoni halivumiliki, kwa sababu msomaji anasikia kiambishi badala ya neno.

Dawa ni kuanza na neno la mwisho. Ukishajua kitu chako, hapa kutu ya jembe, andika jina lake pembeni na uorodheshe maneno 10 yanayooana nalo kabla hujaandika mshororo wowote. Kwa "kutu" utapata mtu, utu, chatu, tatu, wetu, wanetu, viatu, msitu na mengineyo. Kisha soma orodha ukiuliza ni lipi linapeleka hoja mbele. "Utu" ni mtego, kwa kuwa utakupeleka moja kwa moja kwenye nasaha. "Wanetu" linaleta wakati ujao ndani ya shairi lililokuwa limekaa kwa babu na mimi tu, na kizazi cha tatu ndicho shairi lilichokuwa limekisahau.

"Mtu" nalo lilijaribiwa, na kosa lake linafaa kuonekana kwa karibu:

Ila jembe lake limeshika kutu,
sijamchimbia shimo bado mtu.

Mizani 12 kamili, kina safi, na shimo linarejea kutoka mshororo wa 2 pamoja na jembe. Kwenye karatasi linapendeza. Lakini lisome mbele ya watu, watacheka au watashtuka, kwa sababu kumchimbia mtu shimo ni kumfanyia hila. Mtunzi alitaka kusema hakuchimba shimo la mche, na akajikuta anaapa kwamba bado hajamdhuru mtu, kama kwamba yuko njiani. Mishororo miwili ya mwisho ndiyo inayosikilizwa kwa makini kuliko yote, na kila msemo uliojificha ndani yake utasikika. Kwa hiyo usiipitishe kabla hujaisoma kwa sauti ukiitenga na shairi lake.

Dalili ya sita: mgeuko upo kwenye karatasi, lakini ukisomwa hausikiki

Hapa hoja ni nzima na kosa ni la mapigo. Tazama mishororo ya 10, 11 na 12: kila mmoja unapumzika baada ya mizani 6. Sikio limezoea sita kwa sita. Kisha "Ila jembe lake / limeshika kutu" nayo inapumzika baada ya 6. Msomaji anateleza juu yake kwa mapigo yaleyale, na hadhira iliyozoea kupokea kibwagizo inaanza kuitikia kwa kichwa kabla haijasikia kilichosemwa.

Linalotakiwa ni kuvunja pumziko hilo mara moja tu, mwanzoni mwa mshororo wa 13. Mizani ibaki 12, ila kituo kisogee. Na kwa kuwa tulikwisha kuona kwamba "ila" si nguzo ya mgeuko huu, mizani zake mbili tunaweza kuzitumia kwa kazi hiyo:

Jembe lake? Jembe limeshika kutu,
wala sijapanda mche wa wanetu.

Sasa pumziko limekuja baada ya mizani 4, na nane zilizobaki zinakwenda mfululizo. Swali lenyewe ndilo bisho. Ni lile ambalo mpinzani wa malumbano angeliuliza, na msemaji analijibu bila kujitetea. Mshororo wa 14 unarudi kwenye sita kwa sita ya mwanzo, kwa hiyo shairi linafunga kwa mapigo yake yenyewe huku likisema jambo ambalo halikuwahi kulisema.

Anayesoma hadharani anyamaze kidogo baada ya "nimeokolewa", sauti ishuke kama mtu aliyemaliza, kisha "Jembe lake?" itamkwe kwa sauti ya mazungumzo, bila mahadhi. Ikiwa shairi linaghaniwa, mahadhi yakatike hapo hapo na yarudi kwenye "wala".